Meli ya vizazi au meli ya usingizi: ipi ibebe hadithi yako?

Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua ni Proksima Sentauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakimbia takriban kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kingehitaji miaka 75,000 hivi kukata umbali kama huo. Hata mwandishi anayewapa wahusika wake injini ya ajabu, inayofikia sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, anabaki na miaka 42 ya safari kwa jirani wa karibu kabisa, na zaidi ya miaka 100 kwa nyota zilizo mbali kidogo. Katika safari hizo za mbali, abiria aliyepanda akiwa na miaka 30 hatashuka.

Waandishi wa riwaya za kisayansi wamelijibu tatizo hilo kwa vyombo viwili. Katika meli ya vizazi, watu huishi, huoana, huzaa na kufa humo humo, na wanaofika ni wajukuu na vitukuu. Katika meli ya usingizi, abiria hupozwa miili na kulazwa hadi mwisho wa safari, kisha huamshwa wakiwa karibu na umri ule ule waliolala nao. Katika Walenisi ya mwaka 1995, Katama Mkangi alimtia Dzombo chomboni akamfikisha sayari nyingine, lakini kilichomshughulisha ni jamii aliyoikuta huko. Makala hii ni ya yule anayetaka njia yenyewe iwe hadithi, na sasa anasitasita kati ya meli hizi mbili.

Nitasema mapema ninakoelekea. Wengi huchagua kwa kuangalia teknolojia: je, tunaweza kulisha watu miaka 100, au ni rahisi zaidi kuwalaza? Mimi naona swali la kwanza liwe hili: ni nani atakayeamuliwa maisha yake bila kuulizwa? Meli ya vizazi humwamulia ambaye hajazaliwa. Meli ya usingizi humwamulia ambaye amelala. Dhuluma hizo mbili hazifanani, na riwaya zinazotokana nazo hazifanani pia.

Tuchukue mfano mmoja tuupimie pande zote mbili. Watu 2,000 wanakwenda Tau Ceti, umbali wa karibu miaka ya nuru 12, kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru. Tukiacha kando muda wa kuongeza na kupunguza mwendo, hiyo ni miaka 120.

Meli ya vizazi kwanza. Chakula, hewa na maji vimepimwa kwa watu 2,000, kwa hiyo idadi haiwezi kupanda wala kushuka sana. Ikiwa kila mtu anaishi miaka 80 hivi, wanakufa watu 25 kwa mwaka, na wanatakiwa kuzaliwa 25. Namba hiyo ndogo inaipa mwandishi katiba nzima ya jamii. Wanawake wa umri kati ya 20 na 40 watakuwa 250 hivi, na kila mwaka ni mmoja tu katika kumi atakayepewa kibali cha kuzaa. Nani anakitoa? Aliyepoteza mtoto anarudishiwa nafasi? Mwanamke asiyetaka mtoto anaweza kumpa dada yake kibali chake, au kukiuza? Mapacha wakizaliwa, nani anangoja mwaka mwingine?

Watoto hao 25 ndio darasa zima la mwaka huo, wavulana na wasichana. Msichana wa miaka 18 akitafuta mume kati ya vijana waliomzidi au kupungukiwa naye miaka mitatu, anao kama 85 hivi, na wote anawajua tangu chekechea. Ondoa ndugu na binamu, ondoa wasiopendana naye, ujiulize wamebaki wangapi. Wanasayansi wamejaribu kukokotoa idadi ya chini ya watu inayoweza kudumu bila kuharibika kizazi, na majibu yao yanapishana sana: mwaka 2018 Frédéric Marin na mwenzake walipata watu 98 kama wakisimamiwa vizuri, wakati Cameron Smith mwaka 2014 alitaka kuanzia 14,000 na kwenda juu. Kwa mwandishi, maneno muhimu hapo ni “wakisimamiwa vizuri”. Kadiri watu wanavyokuwa wachache, ndivyo ofisi inavyolazimika kuingia chumbani mwao.

Kisha kazi. Tuseme meli inahitaji madaktari wanane, kila mmoja akitumikia miaka 40. Hiyo ni kusema daktari mpya mmoja kila baada ya miaka mitano, yaani mtoto mmoja katika kila 125. Asipopatikana, au akasoma nusu kisha akasema anataka kupiga ala ya muziki, meli haina wa kuajiri kutoka nje. Vivyo hivyo kwa fundi wa mitambo ya hewa, mjuzi wa udongo na mwangalizi wa injini. Hapa ndipo penye uchungu wa kweli wa meli ya vizazi, na ni uchungu wa nyumbani zaidi kuliko wa kivita: mzazi anamtazama mwanawe wa miaka kumi akijua kazi yake imeshapangwa kabla hajazaliwa.

Hesabu ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Waliozaliwa katika miaka 40 ya mwanzo watakufa kabla ya mwaka wa 120. Ishirini na watano kwa mwaka, miaka 40: watu 1,000. Hawakuiona Dunia wala hawataiona Tau Ceti, na hawakusaini chochote. Kila riwaya ya meli ya vizazi iliyo na uzito inasimama juu ya mabega ya hao 1,000, hata kama mwandishi hakuwataja.

Kim Stanley Robinson aliijenga riwaya yake Aurora, ya mwaka 2015, juu ya jambo hili hili. Meli yake inakwenda Tau Ceti ikiwa na watu wapatao 2,000 waliogawanywa katika mazingira 24 ya asili, kila moja na mimea na wanyama wake. Devi, mhandisi mkuu, anapigana kila siku na vitu vidogo: fosforasi inayojifunga mahali isikoweza kurudishwa shambani, chumvi zinazojikusanya, vijidudu vinavyobadilika upesi kuliko watu. Hakuna adui. Kuna leja isiyofunga hesabu. Uzazi unadhibitiwa, na wanaonyimwa wanalijua jina la sheria inayowanyima. Robinson anaongeza jambo zito: zamani safarini kulikuwa na machafuko makubwa, na baadaye yalifutwa katika kumbukumbu ili vizazi vifuatavyo viishi kwa amani. Wajukuu wanatawaliwa kwa kanuni zilizotokana na vita wasivyovijua.

Anayedhani mambo haya ni ya kutunga tu aangalie jengo la Biosfia 2 kule Arizona. Kati ya mwaka 1991 na 1993 watu wanane walifungiwa humo miaka miwili, wakilima chakula chao na kuvuta hewa yao wenyewe. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi kama 14, kwa sababu vijidudu vya udongo vilikula oksijeni hiyo na kutoa kaboni dayoksaidi, nayo ikanyonywa na zege la kuta. Ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Wakati huo huo wale wanane walikuwa wamegawanyika makundi mawili ya wanne wanne, marafiki wa zamani wasiozungumza nje ya kazi. Ugomvi wao ulihusu uongozi wa mradi na kama ni halali kupokea msaada wa nje. Waliendelea kulima pamoja, kwani shamba lilikuwa moja. Picha hiyo ya watu wasiosalimiana wakivuna viazi kwenye tuta moja ni ya kuaminika kuliko maasi yote ya bunduki niliyosoma katika meli za kubuni.

Kuna njama moja ya meli ya vizazi ambayo ningeikwepa: ya watu waliosahau kwamba wamo melini. Robert Heinlein aliiandika mwaka 1941, na aliiandika kwa nguvu. Baada ya maasi, wazao wanaamini meli ndiyo ulimwengu wote, na vitabu vya fizikia wanavisoma kama maandiko ya dini, wakidhani sheria ya mvutano inazungumzia mapenzi. Wengi wameifuata tangu hapo. Tatizo ni kwamba mtambo wa hewa hausubiri. Kichujio kisipobadilishwa, watu wanafariki mwaka huo huo, hawapati muda wa kutunga dini. Jamii iliyosahau ufundi isingefika kizazi cha nne. Ursula Le Guin alipata jambo la kweli zaidi katika hadithi yake ndefu iliyochapishwa mwaka 2002: watu wa meli wanakumbuka kila kitu, wanajua wanakokwenda, ila wengi wao hawataki tena kushuka. Imani imezuka kwamba safari yenyewe ndiyo raha. Na ukiwasikiliza unaona wana hoja, maana sayari ni ahadi ya watu waliokufa zamani, na wao wamezaliwa penye joto la kudumu, pasipo mvua wala mbu.

Sasa tuwalaze hao hao 2,000.

Kitabibu, mwandishi hapa anaazima zaidi kuliko yule wa vizazi. Hakuna binadamu aliyewahi kupozwa mwili na kulazwa hivyo kwa miezi, seuze miaka. Madaktari hushusha joto la mgonjwa aliyesimama moyo hadi nyuzi 32 au 34 kwa siku moja au mbili, basi. Mnyama anayetupa matumaini ni kindi wa ardhini wa Aktiki, ambaye mwili wake hushuka hadi chini kidogo ya nyuzi sifuri wakati wa baridi. Lakini hata yeye huamka kila baada ya wiki mbili au tatu, hujipasha joto kwa saa kadhaa, kisha hulala tena. Jambo hilo linafaa kuchukuliwa kama zawadi. Ukiamua kwamba hata wasingizi wako lazima wapashwe joto mara kwa mara, basi lazima awepo wa kuwapasha, na papo hapo una jamii.

Kwa sababu kiini cha meli ya usingizi ni zamu. Tuseme watu wanne wawe macho wakati wote kwa miaka 120. Hiyo ni miaka 480 ya kukesha. Ikigawanywa sawasawa kwa watu 2,000, kila mmoja anakesha siku 88 hivi, chini ya miezi mitatu. Inaonekana ni haki kamili: kila mtu anatoa miezi mitatu ya umri wake. Lakini je, mshonaji na mwalimu wa watoto wataweza kushika mitambo kwa miezi mitatu, halafu wawapokeze mwokaji mikate na mpiga picha? Haitawezekana. Zamu itabidi ishikwe na mafundi, tuseme 100. Hapo kila fundi anatoa karibu miaka mitano ya maisha yake, na wanaofika wakiwa wamezeeka ni wao peke yao. Watadai nini wakifika? Ardhi ya kwanza? Kura mbili? Waliolala watajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa, na kila upande utakuwa na mkataba mkononi.

Hapa ndipo meli ya usingizi inapoipita meli ya vizazi: waliosaini ndio wanaofika. Madeni, ndoa, chuki na ahadi vinawasili vikiwa vibichi. Mtu na hasimu wake wanaamka asubuhi moja, na kwa hisia zao ugomvi ulikuwa jana. Kwa hadithi fupi hii ni nguvu kubwa, kwa kuwa huhitaji kuwatambulisha wahusika wapya kila sura.

Nyuma yao, hata hivyo, dunia imesonga. Msomaji wetu anaijua hali hiyo tangu madrasa, katika kisa cha Watu wa Pangoni: vijana walilala miaka 309, wakadhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mwenzao mjini na fedha yao akanunue chakula. Wafasiri wanasimulia kwamba sarafu ile ya kale ndiyo iliyowafichua. Mwandishi wa kisayansi aliyegusa neva hiyo kwa ukali ni Van Vogt, mwaka 1944: wasafiri wanalala karibu miaka 500 kwenda Alfa Sentauri, wanaamka na kukuta sayari zimeshakaliwa, kwa kuwa huku nyuma zilibuniwa meli za kasi zilizowapita njiani. Wanapokewa kwa heshima, na hawana kazi. Hatari hii inaipata meli ya vizazi pia, ila kule pigo linawaangukia watu ambao hawakujitolea, na huwa hasira. Kwa wasingizi huwa fedheha, kwa kuwa waliacha kila kitu kwa hiari.

Uovu wa meli ya usingizi ni wa aina moja kubwa: aliye macho ana mamlaka yote juu ya aliyelala. Filamu ya Passengers, ya mwaka 2016, inamwamsha fundi mmoja kwa hitilafu, miaka 90 kabla ya kufika, katika meli ya abiria 5,000. Baada ya mwaka na ushei wa upweke anamwamsha mwanamke aliyempenda kwa kumtazama tu, na kwa kufanya hivyo anamnyang’anya maisha yaliyokuwa mbele yake. Filamu yenyewe, kwa maoni yangu, inamsamehe mapema mno. Lakini tendo ni sahihi kabisa kama chanzo cha hadithi, kwa sababu limetokana na chombo chenyewe. Katika meli ya vizazi kosa hilo haliwezekani. Ukiona kosa la mhusika wako lingeweza kutokea kwenye meli yoyote, au kwenye nyumba ya kupanga, ujue bado hujaitumia meli uliyoichagua.

Basi uchague vipi? Ningeangalia urefu wa unachoandika kabla ya yote. Hadithi ya kurasa 20 haitoshi meli ya vizazi: utamaliza nafasi ukieleza kanuni za vibali na ukoo wa nahodha. Mpe msingizi mmoja, zamu moja, uamuzi mmoja. Riwaya ya kurasa 300 nayo huchoka ndani ya meli ya usingizi, kwani watu wanne katika korido wana mazungumzo machache, na wengi hurefusha kwa kuleta dubwana. Kama hamu yako ni sheria, elimu, urithi, dini na namna wazazi wanavyowapitishia watoto mzigo, chukua vizazi. Kama hamu yako ni uaminifu, upweke na deni kati ya watu wawili, chukua usingizi.

Unaposoma rasimu yako, zipo dalili za kuangalia. Rasimu ya meli ya vizazi imekwenda kombo ikiwa haina wazee, haina maziko, wala haisemi mwili wa marehemu unapelekwa wapi. Katika mfumo uliofungwa, fosforasi iliyo mifupani mwa babu lazima irudi shambani, na familia italijua hilo inapokula. Rasimu ya meli ya usingizi imekwenda kombo ikiwa watu wanalala ukurasa wa tatu, wanaamka wa nne, na hakuna kilichobadilika. Huyo alihitaji basi la usiku, akapanda meli ya nyota.

Kuna na njia ya kuchanganya, ambayo wengi huidhani mpya ilhali ni ya zamani. Mwaka 1940 Don Wilcox aliandika safari ya miaka 600 ambamo watu wanaishi kwa vizazi, na mtunza mila mmoja analazwa na kuamka kila baada ya miaka 100 kuwakumbusha walikotoka. Kila akiamka anakuta watu wengine, na kila mara mamlaka yake yamepungua. Robinson naye, katika Aurora, anawalaza watu wakati wa kurudi, mazao yanapokufa na njaa kuingia. Usingizi unaokoa walio hai kwa sharti kwamba kuzaa kunasimama.

Mchanganyiko mkali kuliko yote niliousoma ni wa Alastair Reynolds katika Chasm City, mwaka 2001. Meli zake kadhaa zinasafiri pamoja. Wahudumu wanaishi na kuzaliana melini, na nyuma yao wamebeba wasingizi. Baba na mwana wanazeeka wakiwatunza watu ambao hawatawahi kuongea nao, na ambao ndio watakaoirithi sayari. Chuki inajijenga taratibu, hata wasingizi wanaitwa kwa jina la dharau. Kisha mmoja wa wahudumu hao, Sky Haussmann, anapiga hesabu. Meli nyepesi inahitaji mafuta kidogo kupunguza mwendo, kwa hiyo inaweza kuchelewa kufunga breki na kuzitangulia nyingine. Anawatupa wasingizi nje wakiwa hai. Kinachotisha ni kwamba hesabu yake ni sahihi, na mwandishi ametumia kurasa nyingi kutuonyesha malezi yaliyomfikisha hapo.

Mimi ningemshauri anayeanza riwaya leo achukue njia hiyo ya kuchanganya, lakini aingie kwa mlango mdogo kuliko wa Reynolds. Rudi kwenye mfano wetu: wasafiri 2,000, masanduku ya usingizi 1,996, mafundi wanne wa zamu. Mwaka wa 31, mmoja wao anapata mimba. Zamu inaisha baada ya mwaka na nusu, na mtoto hana sanduku. Mama akilala, mtoto analelewa na wanazamu wapya wasiomjua. Mama akibaki macho, anaandamana naye hadi uzeeni na hatafika. Wakimpa mtoto sanduku, lazima mmoja wa wale 2,000 atolewe, naye ana mke aliyelala kando yake. Mkataba uliosainiwa Duniani hausemi lolote kuhusu mtu wa 2,001, na wanazamu wanne wana miezi 18 kuandika kifungu hicho kabla hawajaamsha watakaowapokea.